Bafa za hali tatu kwenye basi la data: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu migongano na matokeo yanayoungua

Ukurasa huu ni kwa wanaojenga kompyuta ndogo kwa chipu za familia ya 74, hasa zenye Z80. Volteji ni 5 V kote isipokuwa nikisema vingine. Nimetumia mfano mmoja wa mzunguko kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kosa lake ni la kawaida sana na linajificha vizuri.

## Hali ya tatu ni ipi hasa?

Toleo la kawaida la chipu, yaani pini yake ya kutoa ishara, lina transista mbili: ya juu inaunganisha pini na VCC, ya chini inaiunganisha na grandi. Ya juu ikifunguka, waya unakuwa 1. Ya chini ikifunguka, unakuwa 0. Bafa ya hali tatu ina pini ya ziada ya kutoa ruhusa, kwa kawaida `OE`, inayoweza kuzima transista zote mbili kwa pamoja. Hapo pini haivuti juu wala chini. Kinachobaki ni uvujaji mdogo tu, na kwa 74HC245 katika joto la kawaida mtengenezaji anaahidi usizidi nusu ya mikroampea.

Ndiyo maana waya nane zinaweza kutumiwa na kumbukumbu, milango na prosesa kwa zamu. Zingatia kwamba hakuna kitu ndani ya bafa kinachojua kama mwenzake anazungumza. Bafa inatii `OE` yake tu. Zamu inapangwa na mantiki uliyoijenga wewe nje ya chipu, na mantiki hiyo ikikosea, bafa mbili zitafunguka kwenye waya mmoja.

## Zikifunguka mbili kwa pamoja, kinatokea nini?

Zikikubaliana, hakuna kitu. Zikitofautiana, transista ya juu ya chipu moja na transista ya chini ya nyingine zinakuwa njia ya moja kwa moja kutoka VCC hadi grandi. Kinachozuia mkondo ni ukinzani wao wenyewe tu.

Tuchukue 74HC245 mbili. Ukisoma datashiti utaona kwamba kwa mkondo wa 6 mA toleo linapoteza takriban sehemu mbili za kumi za volti, yaani ukinzani wa omu 30 hivi kila upande. Omu 60 kwa 5 V ni zaidi ya 80 mA kwa hesabu ya moja kwa moja. Kwa kweli inakuwa pungufu kidogo, kwa sababu transista ikibebeshwa volteji kubwa huanza kubana mkondo. Chukua 70 mA kama makadirio ya kufanyia kazi. Kikomo cha datashiti ni 35 mA kwa kila toleo, kwa hiyo waya mmoja tu umeshavuka mara mbili.

Waya zote nane zikigongana upande mmoja, pini ya grandi ya chipu inayovuta chini inabeba zaidi ya nusu ampea, wakati kikomo chake ni 70 mA. Joto nalo: waya mmoja unachoma 0.35 W, nusu kwa kila chipu. Kwa waya nane ni 1.4 W ndani ya kila chipu. Kifurushi cha plastiki cha pini 20 hupanda kama nyuzi 70 kwa kila wati moja, kwa hiyo silikoni itapanda karibu nyuzi 100 juu ya joto la chumba. Utaihisi kidoleni kabla hujafika kwenye osiloskopu.

## Mbona yangu iligongana wiki nzima na bado inafanya kazi?

Kwa sababu muda ndio unaoamua. Hili ndilo swali ninalotamani kila mjenzi ajiulize kwanza: mgongano wangu unadumu kwa muda gani, na unarudi kila baada ya muda gani? Mgongano wa nanosekunde hamsini na mgongano wa sekunde tano ni ugonjwa wa aina mbili tofauti, kwa dalili na kwa tiba. Twende kwenye mfano.

Kompyuta ya Z80 inakwenda kwa 4 MHz. Kwenye anwani 00H kuna milango miwili. Wa kuingiza ni 74HC245 iliyounganishwa na swichi nane. Wa kutoa ni 74HC574 yenye taa nane. Kushiriki anwani si kosa. Mmoja ni wa kusoma, mwingine wa kuandika. Kosa liko hapa: mjenzi ameifungua 245 kwa anwani na `IORQ` peke yake, akasahau `RD`. Wakati wa kusoma swichi kila kitu ni sawa. Lakini wakati wa kuandika, prosesa inaweka data yake kwenye njia ya data, yaani basi lenyewe, na 245 nayo inafunguka na kuweka hali ya swichi.

Programu ya kujaribia taa ni hii:

```
        LD   A,55H
LOOP:   OUT  (00H),A
        JR   LOOP
```

Swichi zote ziko 0. Thamani 55H ina biti nne za 1, kwa hiyo waya nne zinagongana. `IORQ` inakaa chini kwa mapigo mawili na nusu ya saa, yaani nanosekunde 625. `OUT` inachukua mapigo 11 na `JR` 12, jumla mapigo 23, au mikrosekunde 5.75. Kwa hiyo mgongano upo kwa asilimia 11 ya muda tu, na joto la wastani ni asilimia 11 ya lile la mgongano wa kudumu. Chipu inapata uvuguvugu na inaendelea kuishi.

Sasa mjenzi anaona taa hazionyeshi 55H. Anaamua kuikagua mashine hatua kwa hatua, ama kwa kusimamisha saa (Z80 ya CMOS inaruhusu), ama kwa kushikilia pini ya `WAIT`. Anafika kwenye `OUT`, anasimama hapo, anachukua multimita na kuanza kupima waya mmoja mmoja kwa utulivu. Asilimia 11 imekuwa mia. Katika mizunguko ya aina hii, wakati wa kutafuta kosa ndio wenye hatari kubwa kuliko wote.

## Kati ya chipu mbili zinazogongana, ipi inaumia?

Iliyo dhaifu, na wengi wanadhani ni kinyume chake.

Mkondo unaopita kwenye transista zote mbili ni uleule, lakini volteji inagawanyika kulingana na ukinzani. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, toleo la Z80 lina omu 120 na la 245 lina omu 30. Mkondo ni 5 V kwa omu 150, yaani 33 mA. Z80 inabeba 4 V kati ya zile 5, kwa hiyo inachoma 133 mW kwa kila waya. 245 inachoma 33 mW. Kwa waya nne Z80 inapata zaidi ya nusu wati ya ziada, na 245 haifiki hata 0.14 W.

Kwa hiyo ukigusa na kukuta prosesa ni ya moto na bafa ni baridi, usikimbilie kulaumu prosesa. Huenda inapigana na kitu chenye nguvu kuliko yenyewe.

## Kwa nini sioni volteji ya katikati kwenye waya?

Kwa hesabu hiyohiyo. Prosesa inataka 1, 245 inataka 0, na waya unatua kwenye 1 V. Kwa chipu za HC hiyo ni 0 halali kabisa. Ukiweka kichambuzi cha mantiki utaona sifuri safi, kwa sababu chombo hicho kinajua juu na chini tu. Volteji ya katikati, kama 2 V hadi 3 V, inaonekana pale zinapogongana chipu za nguvu sawa, na unahitaji osiloskopu kuiona.

Katika mfano wetu, dalili iliyo wazi kuliko zote iko kwenye taa zenyewe. 574 inakamata data mwishoni mwa `WR`, wakati 245 bado imefunguka na bado inashinda. Kwa hiyo taa haziandiki 55H. Zinaandika hali ya swichi. Inua swichi moja, na taa ya biti hiyohiyo inawaka. Mlango wa kutoa unaoiga mlango wa kuingiza ni ushahidi wa mgongano hata bila kifaa chochote cha kupimia.

Kwa chipu za zamani za LS picha ni tofauti kidogo. Transista yao ya chini ina nguvu kuliko upande wa juu, kwa hiyo 0 karibu kila mara inashinda. Usidhani zinavumilia: kwa 74LS245 datashiti inataja mkondo wa mzunguko mfupi wa kati ya 40 na 225 mA, na inaonya kwamba lisifupishwe zaidi ya toleo moja kwa wakati, wala kwa zaidi ya sekunde moja.

## Nawezaje kutofautisha waya unaogongana na waya unaoelea?

Zote mbili hutoa volteji ya ajabu, na tiba zake ni kinyume. Waya unaoelea hauna mwenyewe; unaogongana una wenyewe wawili.

Chukua rezista ya kilo-omu 4.7. Simamisha mashine kwenye hali unayoitilia shaka, lakini kwa sekunde chache tu. Gusisha mwisho mmoja wa rezista kwenye waya na mwingine kwenye 5 V, kisha hamishia grandi. Waya unaoelea utafuata rezista: utapanda hadi 5 V, kisha utashuka hadi 0. Unaogongana hautasogea kwa kiasi cha maana, kwa sababu rezista inaongeza 1 mA hivi dhidi ya makumi ya miliampea yanayopita tayari. Waya wenye mwenyewe mmoja nao hautasogea, lakini huo unakaa karibu kabisa na 0 au 5 V, si kwenye 1 V au 3 V.

Angalia pia mkondo wa ugavi mzima. Mashine iliyokuwa ikila kiasi fulani ikaruka ghafla kwa 100 mA inaposimama kwenye hatua moja tu imekwisha kukuambia hatua ya kukagua.

## Toleo linaharibikaje ndani?

Njia ya polepole ni ya chuma. Nyuzi za alumini ndani ya chipu ni nyembamba mno, na mkondo mkubwa pamoja na joto husogeza atomi za chuma taratibu hadi uzi unapata pengo. Chipu ya namna hii inakufa baada ya muda mrefu, mara nyingi siku ambayo hukufanya kosa lolote. Njia ya haraka ni joto lenyewe: transista ya toleo inaungua, au waya mwembamba unaounganisha silikoni na pini unakatika kama fyuzi.

Ipo ya tatu, mbaya zaidi. Mkondo mkubwa unaweza kuitikisa grandi ya ndani kiasi kwamba pini zinakwenda nje ya mipaka ya VCC na grandi. Hapo muundo wa ziada uliojificha ndani ya silikoni ya CMOS unaweza kuwaka na kuifupisha VCC na grandi ndani ya chipu. Hauzimiki hata mgongano ukiisha, mpaka ukate umeme.

Mara nyingi chipu haifi yote. Inakufa biti moja, au upande mmoja wa biti: bado inavuta chini lakini haivuti juu. Au inabaki na uvujaji, hivyo hata `OE` ikiwa imezimwa, pini moja inaendelea kuuvuta waya wa wenzake. Hiyo inasumbua kuliko kifo kamili, maana kosa litaonekana wakati chipu nyingine inasomwa.

## Nitaijaribuje chipu niliyoitilia shaka?

Itoe kwenye mashine na uiweke kwenye ubao wa majaribio. Fanya majaribio mawili.

Kwanza izime kwa `OE`. Unganisha kila toleo na 5 V kupitia rezista ya kilo-omu 10, pima, kisha hamishia rezista grandi na upime tena. Chipu nzima itakuachia milivolti chache tu za tofauti. Ukikosa nusu volti, kuna mikroampea 50 zinazovuja, mara mia ya kikomo. Itupe.

Pili iruhusu, weka toleo juu, na ulibebeshe rezista ya kilo-omu 1 kwenda grandi. Kwa karibu 5 mA toleo zima halipotezi zaidi ya nusu volti. Rudia ukiwa umeliweka chini, rezista ikienda 5 V. Linganisha biti zote nane. Iliyochakaa itajitenga yenyewe.

## Tiba ya mfano ule ni ipi?

Bafa ya kusoma ifunguke wakati wa kusoma tu. Ishara zote ni za chini zikiwa hai, kwa hiyo geti la AU linatosha, kwa mfano 74HC32:

```
/OE = /SEL + /IORQ + /RD
```

`/SEL` hapa ni toleo la dikoda ya anwani, 74HC138 au yoyote uliyo nayo. Geti hilo linaleta faida nyingine ambayo mjenzi wetu hakuifikiria. Z80 inapokubali katizo, inashusha `IORQ` pamoja na `M1`, huku anwani iliyopo njiani ni ya programu, si ya mlango. Bila `RD`, 245 ingeweza kufunguka na kugongana na kifaa kinachotoa vekta. `RD` haishuki wakati huo, kwa hiyo mlango unabaki umefungwa.

Kwa 245 inayotumika pande zote mbili kuna tahadhari moja zaidi: usigeuze `DIR` wakati `OE` iko hai. Funga kwanza, geuza, ndipo ufungue.

## Vipi kuhusu migongano mifupi, ile ya kubadilishana zamu?

Hii ndiyo aina ya pili. Chukua kumbukumbu ya AT28C256 ya nanosekunde 150: inaruhusiwa kuchukua hadi nanosekunde 50 kuachia waya. Kumbukumbu ya RAM ya aina ya 62256 inaweza kuanza kusukuma nanosekunde 5 tu baada ya kuruhusiwa. Mtu aliyefunga `OE` zote grandi na kuzitenganisha kwa `CE` kutoka kwenye dikoda anaweza kupata mwingiliano wa nanosekunde 45 kila anwani inapohama kutoka moja kwenda nyingine.

Joto la hapo ni dogo na kwa kawaida halichomi kitu. Shida ni kelele. Nusu ampea ikizuka ndani ya nanosekunde 5 kwenye grandi yenye nanohenri 10, grandi hiyo inaruka kwa 1 V. Kaunta zinajihesabu, lachi zinakamata takataka, na mjenzi anaanza kulaumu programu. Kapasita ya nanofaradi 100 kando ya kila chipu inapunguza makali, lakini haiondoi chanzo.

Tiba ni pengo la muda. Z80 inakupa pengo hilo bure ukilitumia: peleka `RD` kwenye `OE` za kumbukumbu. Kati ya kusoma data mara moja na kusoma kunakofuata, `RD` inakaa juu kwa takriban pigo moja la saa, nanosekunde 250 kwa 4 MHz, mara tano ya ile 50. Kwa 20 MHz pigo lote ni nanosekunde 50, na akiba yako imekwisha. Hapo tafuta kumbukumbu inayoachia haraka zaidi.

## Rezista mfululizo zinaweza kunilinda?

Zinaweza, na kwa mashine ambayo bado unaijaribu ninazipendekeza kwa moyo wote. Weka omu 470 kati ya kila bafa unayoitilia shaka na njia. Mgongano sasa unapitisha karibu 9 mA, ndani ya kikomo, na unaweza kusimama hatua moja kwa dakika kumi bila kuogopa. Gharama yake ni mwendo: kwa njia yenye pikofaradi 50, omu 470 zinaongeza nanosekunde 20 na ushee. Kwa 4 MHz hutaziona. Mantiki ikishathibitika, zitoe au ushuke hadi omu 33.

## Je, wakati wa kuwasha umeme?

Kama `OE` inaendeshwa na maikrokontrola, pini zake nyingi huanza kama za kuingiza, kwa hiyo `OE` inaelea mpaka programu ianze. Weka rezista ya kilo-omu 10 kutoka `OE` kwenda VCC, moja kwa kila bafa. Ukiwa unapakia programu mpya kwenye maikrokontrola, hali hiyo inaweza kudumu sekunde kadhaa, muda mrefu wa kutosha kuunguza.

## Ndani ya FPGA je?

FPGA za kisasa kwa kawaida hazina bafa za hali tatu ndani. Kichagua-njia hufanya kazi hiyo, na hakiwezi kugongana. Bafa za hali tatu zinabaki kwenye pini za nje tu. Pini hizo zikikutana na 74HC245 kwenye njia ya pamoja, hesabu zote za hapo juu zinarudi, na safari hii iliyo dhaifu na ya bei ghali ni FPGA.